Michirizi Inayowasha: Upupu, Viwavi na Mzio Kando ya Ziwa Victoria

Mchirizi mwekundu unaowasha, uliolala juu ya mkono, shingo au muundi, kwa kawaida ni njia ya kitu kilichopita juu ya ngozi, na ndiyo maana umbo lake humpa msomaji habari ya kwanza kuhusu chanzo chake kabla hata dawa haijatafutwa. Habari ya pili hutolewa na saa, yaani muda uliopita kati ya mguso na mwanzo wa muwasho, kwa kuwa kuna vitu vinavyowasha papo hapo, vingine huanza baada ya siku moja, na vingine hukaa kimya siku mbili au tatu hata aliyeguswa akasahau alipita wapi. Mwongozo huu unahusu mambo hayo mawili, umbo na saa, kama yanavyoonekana kwa wakazi wa Mwanza na vijiji vya mwambao wa Ziwa Victoria, kuanzia Magu na Ilemela hadi Sengerema na Ukerewe, ambako uzio wa miti, vichaka vya katikati ya mawe na mabonde ya mpunga huwakutanisha watu na mimea na wadudu wa aina hii karibu mwaka mzima.

Tofauti inayopaswa kushikwa mapema ni ile iliyopo kati ya mkereketo na mzio. Mkereketo ni madhara yanayofanywa moja kwa moja na kitu kilichoigusa ngozi, iwe kwa kuichoma kama mwiba, iwe kwa kuimwagia kemikali, na kwa hiyo humpata kila mtu aliyeguswa kiasi cha kutosha, hata kama ni mara yake ya kwanza. Mzio, ambao wengi huuita aleji, ni kosa la kinga ya mwili yenyewe, ambayo imekikariri kitu fulani kuwa adui na kila kikirudi hukishambulia kwa nguvu isiyolingana na madhara yake. Huwapata watu wachache tu, na huhitaji mwili uwe umekwisha kukutana na kitu hicho hapo awali. Katika maongezi ya kila siku maneno hayo huchanganywa, na mtu aliyewashwa na upupu husema ana aleji ya upupu, ilhali upupu hauchagui mtu. Mchanganyo huo usingekuwa na uzito kama usingewafanya watu wengi wakimbilie vidonge vya mzio kwa muwasho ambao vidonge hivyo haviuwezi.

Upupu na jamaa zake

Upupu ni mmea unaotambaa na kupanda juu ya miti na uzio, wenye majani matatu matatu kama ya maharage, maua ya zambarau yanayoning'inia kwa vichala, na maganda yaliyopinda kidogo yaliyofunikwa manyoya ya rangi ya kahawia inayong'aa. Manyoya hayo ndiyo yanayowasha. Maganda yakiwa mabichi hushika manyoya yake kwa kiasi fulani, lakini yakikauka katika kiangazi, kati ya Juni na Septemba kwa upande wa Mwanza, mguso mdogo au upepo tu hutosha kuyapeperusha, hata mtu anayepita upande ambao upepo unaelekea huwashwa bila kuugusa mmea wenyewe. Wanafunzi wa shule nyingi za Tanzania wanaijua habari hii kwa njia isiyo ya kitaaluma, maana kumwekea mwenzao upupu kwenye dawati ni utundu wa miaka mingi.

Kila unywele wa upupu ni mkuki mdogo sana, ambao huchoma tabaka la juu la ngozi na kubaki hapo ukiwa umesimama. Ndani yake mna kimeng'enya, yaani protini inayochochea mabadiliko ya kikemikali, kinachoitwa mukunaini, na kazi yake ni kukata protini nyingine. Kinapoingia kwenye ngozi hukata vipokezi vilivyo kwenye ncha za neva na kuziamsha zipeleke habari ya muwasho kwenye ubongo. Njia hiyo haipitii kwenye histamini, kemikali ambayo mwili huimwaga katika mizio mingi na ambayo ndiyo inayozuiwa na vidonge kama setirizini, loratadini na klofeniramini, maarufu kwa jina la piritoni. Watafiti wa muwasho wameutumia upupu katika maabara tangu miaka ya 1950 kwa sababu hiyo hiyo, kwamba unawapa muwasho mkali usiotegemea histamini. Mtu aliyemeza piritoni mbili na bado anajikuna hajauziwa dawa feki. Amepewa ufunguo wa mlango mwingine. Usingizi unaoletwa na piritoni humpumzisha, na wengi huuchukulia usingizi huo kuwa nafuu, lakini vinywele huwa bado vimesimama kwenye ngozi vikingoja aamke.

Mmea mwingine unaowasha ni ule wa kamba nyembamba unaojisokota kwenye uzio na mashina ya mahindi, wa jamii ya tragia, ambao watu wengi huujumuisha katika jina la washawasha pamoja na kila kitu kinachowasha, yakiwemo maji ya magari ya polisi. Vinywele vyake hubeba fuwele ya kalsiamu oksalati yenye ncha kali, ambayo hutoboa ngozi na kufungua njia kwa utomvu unaounguza. Ile jamii ya kiwavi-majani inayojulikana sana duniani, yenye majani ya meno meno yaliyojaa miiba laini, ni ya nchi za juu zenye baridi, na msomaji ataikuta zaidi kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru kuliko kando ya ziwa, ambalo uso wake uko kwenye mwinuko wa mita 1,134 hivi. Unywele wake umeumbwa kama chupa ndogo yenye ncha ya kioo. Ncha ikivunjika kwa mguso, chupa hujikamua ndani ya ngozi na kumimina mchanganyiko wenye histamini, asetilikolini na serotonini. Hapo vidonge vya kuzuia histamini vinaweza kusaidia kidogo, ingawa mara nyingi vivimbe vyake vyeupe vyenye ukingo mwekundu hutulia vyenyewe ndani ya saa chache, kukabaki hali ya kuchomachoma inayoweza kufika siku ya pili.

Viwavi wenye manyoya

Viwavi wa vipepeo wa usiku huongezeka baada ya mvua, wakati majani mapya yanapochipua, na wengi wao hawana neno. Wanaowasha ni wale wenye mashada ya manyoya au miiba, na hao nao ni wa namna mbili. Wapo wenye miiba yenye tezi za sumu, mfano viwavi bapa wa kijani wanaokaa chini ya majani ya migomba na mibuni, ambao mguso wao huuma kama nyuki na kuacha alama iliyopangika kama miiba ilivyopangika mgongoni kwao. Wapo pia wenye manyoya yanayokatika, ambao hawaumi bali huacha vinywele kwenye ngozi, na mmoja wao akitambaa kutoka kifundo cha mkono hadi kwenye kiwiko huacha mchirizi wa vipele vyekundu unaofuata njia yake hatua kwa hatua.

Aina hii ya pili ina tabia inayowaponza watu wengi: vinywele vyake huendelea kuwasha hata kiwavi akiwa amekufa au ameondoka. Viwavi wa anafe, wanaojulikana Uganda na Kenya magharibi kwa hariri yao ya porini, hukaa kwa mamia ndani ya kiota kimoja cha rangi ya kahawia kinachoning'inia mtini, na kiota hicho hubaki kimejaa vinywele kwa muda mrefu baada ya vipepeo kuruka, kiasi kwamba wanaokitoa hariri hulazimika kujikinga. Kiota cha zamani kilichoanguka juu ya bati, kifukofuko kilichojificha kwenye mkunjo wa shuka iliyoanikwa uani, au kiwavi aliyepondwa kwa mguu mtupu, vyote vinaweza kuwasha bila mdudu yeyote kuonekana.

Mguso wa kwanza wa kiwavi ni mkereketo. Ukirudiwarudiwa, kwa mfano kwa mtu anayefanya kazi bustanini kila msimu, kinga ya mwili inaweza kuzikariri protini za vinywele hivyo, na hapo ndipo mzio wa kweli unapoweza kuzaliwa juu ya mkereketo. Dalili yake ni kwamba madhara huvuka mipaka ya mguso: aliyeguswa mkononi huota vivimbe vinavyowasha tumboni na mapajani, au midomo na kope zake huvimba. Mkereketo hubaki pale ulipoguswa, na hata ukisambaa husambazwa na vidole na nguo.

Michirizi isiyotokana na upupu wala viwavi

Kabla ya kuanza huduma inafaa kuyatenga mambo manne, maana kila moja lina tiba yake. La kwanza ni nzi wa Nairobi, ambaye kwa kweli si nzi bali ni mbawakavu mwembamba wa urefu usiofika sentimita moja, mwenye pingili za rangi ya chungwa na nyeusi, anayependa mashamba ya mpunga na nyasi zenye unyevu na kufuata taa za umeme usiku. Haumi wala hachomi, ila akipondwa juu ya ngozi damu yake humwaga sumu iitwayo pederini. Mchirizi wake hautokei papo hapo. Hujitokeza baada ya saa 24 hadi 48, huunguza zaidi ya kuwasha, na hugeuka malengelenge yenye usaha wa juu juu. Ukiwa kwenye mkunjo wa kiwiko hujichapa pande zote mbili, kama wino mbichi katika daftari lililofungwa. Watu wengi humsingizia buibui kwamba amewakojolea. Mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998 ziliwaongeza sana wadudu hawa Afrika Mashariki.

La pili ni mkanda wa jeshi, unaosababishwa na virusi vya tetekuwanga vilivyolala katika neva. Hushika upande mmoja tu wa mwili, hutanguliwa na maumivu siku kadhaa kabla ya malengelenge, na unahitaji dawa za virusi mapema, ikiwezekana ndani ya saa 72 tangu malengelenge yaonekane. La tatu ni muwasho wa maji ya ziwa, unaotokana na viluwiluwi vya kichocho vinapopenya ngozi. Huu huleta vipele vidogo vilivyotawanyika sehemu zote zilizoloa, si michirizi, na anayeupata anahitaji kupimwa kichocho wiki kadhaa baadaye hata kama vipele vimekwisha. La nne ni ndimu. Maji ya ndimu yaliyotiririka mkononi na kukaukia juani huifanya ngozi iungue kwa mwanga, na baada ya siku moja au mbili huacha michirizi yenye malengelenge, kisha weusi unaoweza kukaa miezi. Jambo hili limetajwa hapa kwa makusudi, kwa sababu ndimu ni miongoni mwa vitu ambavyo watu hujipaka ili kutuliza muwasho.

Huduma, kwa mpangilio wake

Kanuni inayotawala huduma yote ni kwamba vinywele hutolewa kwanza, ngozi hutulizwa baadaye. Losheni iliyopakwa juu ya vinywele vilivyobaki huvifunika tu, na mkono unaoipaka huvisukuma ndani zaidi.

Aliyeguswa hujitenga na mmea na kusimama pale ambapo upepo unatokea, asijifute kwa mikono wala kwa nguo aliyoivaa. Nguo huvuliwa taratibu kwa kufungua vifungo. Fulana isiyo na vifungo hukunjwa kuelekea nje kabla ya kuvuliwa, au hukatwa kwa mkasi, ili isipite ikiburuzwa juu ya macho. Kisha ngozi ikiwa bado kavu huchukuliwa selotepu pana, kipande cha urefu wa kidole, kikabandikwa kwa kugandamizwa kidogo na kubanduliwa. Kipande hutumika mara moja tu na kutupwa, na kwa mkono mzima huenda vikahitajika vipande kumi au zaidi. Plasta ya kitambaa hufanya kazi hiyo hiyo. Mwanga wa tochi ukimulikwa kwa ubavu, karibu na usawa wa ngozi, huvionyesha vinywele vikimetameta kama vumbi la dhahabu, na hivyo ndivyo inavyojulikana kama bado vipo.

Baada ya selotepu ndipo maji yanapofuata, na mpangilio huu una sababu, kwani gundi haishiki kwenye ngozi iliyoloa, na maji yaliyotangulia huvibeba vinywele kutoka mkononi hadi tumboni na mapajani. Maji ya bomba ya baridi humwagwa kwa jagi pamoja na sabuni ya kawaida, yakitiririka kuelekea chini na nje ya mwili, bila dodoki, bila brashi na bila kusugua kwa taulo. Ngozi hukaushwa kwa kugusagusa. Maji ya ziwani hayafai kwa kazi hii, kwa sababu ya kichocho. Maji ya moto nayo huongeza muwasho kwa kupanua mishipa ya damu ya ngozi. Ni kweli kwamba joto kali hukiharibu kimeng'enya cha upupu, lakini ni joto ambalo ngozi haiwezi kulivumilia, na faida yake ni kwa nguo tu.

Ngozi ikiwa safi hutulizwa kwa kitambaa kilicholoa maji baridi, kikawekwa kwa dakika 10 hadi 15 na kurudiwa kadiri muwasho unavyorudi. Losheni ya kalamaini, ambayo chupa yake hutikiswa kwanza, hupakwa mara tatu au nne kwa siku kwenye ngozi isiyochubuka, mbali na macho na mdomo. Wekundu ukibaki siku ya pili, krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 hupakwa tabaka jembamba mara moja au mbili kwa siku, kwa muda usiozidi wiki moja. Mstari wa krimu wenye urefu wa pingili ya mwisho ya kidole cha shahada cha mtu mzima hutosha eneo la viganja viwili. Haifai kuchukuliwa badala yake krimu kali za mchanganyiko zenye klobetasoli, ambazo wauzaji wengi hupenda kuzitoa kwa kila tatizo la ngozi, kwa kuwa usoni na kwenye mikunjo hupunguza unene wa ngozi, na wekundu unaorudi zikiachwa humfanya mtu azirudie tena. Palipo na vivimbe vya kiwavi au dalili za mzio, setirizini ya miligramu 10 mara moja kwa siku humfaa mtu mzima asiye na ugonjwa wa figo; kipimo cha mtoto huulizwa kwa mfamasia kwa umri na uzito wake.

Majivu, mafuta ya taa na ndimu vinastahili kutajwa kwa ufupi. Majivu yaliyoloa yana magadi yanayoweza kuunguza ngozi ambayo imekwisha kutobolewa, mafuta ya taa ni mkereketo mwingine juu ya ule wa kwanza, na habari ya ndimu imekwisha kuelezwa.

Mfano mmoja, saa mbili tofauti

Uchukuliwe mfano wa mwanamume mwenye umri wa miaka 34 anayesafisha uzio wa kiwanja huko Ilemela mwezi Julai, saa nne asubuhi, akiwa amevaa fulana ya mikono mifupi. Katika uzio huo upupu mkavu umepanda juu ya mwembe mchanga, na kazi yake inamlazimu kukata vyote viwili. Ndani ya dakika moja anaanza kuwashwa mikononi na shingoni. Anajifuta kwa fulana, kisha anakwenda kuoga kwa maji ya moto na dodoki, na muwasho unashuka hadi kwenye mapaja ambayo hayakuwa yameguswa na kitu. Anameza piritoni na kulala. Jioni anaamka, anaivaa tena fulana ileile iliyokuwa juu ya kiti, na muwasho unaanza upya. Mkewe, aliyeiokota bukta yake kwenda kuifua, naye anawashwa viganja na mikono.

Kuwashwa kwa mke ndiko kunakolimaliza swali la usiku ule, kwani ni nadra sana watu wawili wa nyumba moja kushikwa na mzio wa kitu kilekile ndani ya dakika zilezile. Kinachompata kila anayeigusa nguo ni mkereketo, na chanzo chake bado kimo ndani ya nguo. Selotepu ikatumika kwa wote wawili, kisha maji baridi na sabuni, kisha kalamaini, na kufikia asubuhi muwasho ulikuwa umekwisha, ukiacha alama za kucha tu.

Siku ya tatu, hata hivyo, mwanamume huyo anaona jambo jipya: mistari miwili myekundu iliyovimba upande wa ndani wa mkono wa kushoto, yenye malengelenge madogo yanayovuja maji, inayowasha kuliko upupu wenyewe. Mkewe hana kitu. Wepesi wa kusema kwamba upupu umerudi ni mkubwa, lakini saa inakataa, maana upupu hauna kawaida ya kulala siku mbili na kuamka na malengelenge. Kilichomo katika mistari hiyo ni utomvu wa mwembe, uliomtiririkia alipokuwa akikata matawi. Utomvu huo una kemikali zinazofanana na zile za ganda la korosho, na kwa mtu ambaye kinga yake imekwisha kuzikariri husababisha mzio wa mguso wa aina ya polepole, unaojengwa na chembe nyeupe za damu na kuchukua siku moja hadi tatu kujitokeza. Hapa pia vidonge vya kuzuia histamini havina kazi kubwa. Dawa yake ni krimu ya steroidi, na kama eneo ni pana au ni la usoni, basi ni steroidi iliyoandikwa na daktari. Mwaka ujao mwembe huo utampa mistari ileile, labda mapema zaidi, huku mkewe akiendelea kula maembe na kukata matawi bila neno. Gugu karoti, lililoripotiwa Arusha mwaka 2010 na ambalo huenea kwa kasi katika mashamba na kandokando ya barabara, hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo ya polepole, ila chembechembe zake huruka hewani na kushambulia uso na shingo.

Pale huduma ya nyumbani inapoishia

Kinywele kilichoingia jichoni hakisuguliwi wala hakitolewi kwa pamba. Jicho huoshwa kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hivi, lenzi ya kuvaa ikitolewa kama ipo, kisha mgonjwa hupelekwa siku hiyo hiyo kwenye hospitali yenye daktari wa macho, kwa sababu vinywele vya viwavi vina vijembe vinavyovifanya vizidi kuingia ndani kila kope inapopepesa, na vinaweza kuharibu kioo cha jicho wiki nyingi baadaye. Mtoto aliyemtia kiwavi mdomoni, akawa anadondosha mate au kukataa kumeza, naye ni wa kupelekwa hospitali bila kungoja.

Uvimbe wa ulimi au midomo, sauti kukauka ghafla, kifua kubana na kupiga miluzi, kizunguzungu au kutapika mfululizo ni dalili za mzio mkali wa mwili mzima, ambao unaweza kuua ndani ya dakika chache. Tiba yake ni adrenalini ya sindano ya msuli wa paja, miligramu 0.5 kwa mtu mzima, inayotolewa na mhudumu wa afya. Piritoni haitoshi na haifai kungojewa ifanye kazi. Wakati usafiri unatafutwa mgonjwa hulazwa chali, miguu ikiinuliwa, isipokuwa kama anahema kwa shida, ambapo huachwa akae. Asisimamishwe ghafla, na asipakiwe peke yake nyuma ya bodaboda. Usaha, homa, au wekundu unaopanuka siku baada ya siku kuzunguka alama za kucha ni dalili za bakteria walioingia kwa kujikuna, na hapo kituo cha afya cha karibu kinatosha.

Kwa nguo za kazi, za upupu hasa, kuzifua kwa mkono pamoja na nguo nyingine ni kuuhamisha muwasho kwenda kwa wenye nyumba. Huingizwa kwenye mfuko kwa kutumia glovu, hutumbukizwa katika sufuria ya maji yanayochemka kwa dakika chache, na ndipo zifuliwe peke yake na kupigwa pasi ya moto. Mmea wenyewe hung'olewa mapema, wakati maua ya zambarau yanaonekana na maganda hayajaota manyoya, kazi ambayo mtu mwenye glovu na mikono mirefu huimaliza asubuhi moja. Ukikutwa umekwisha kukauka, hunyunyiziwa maji kwanza ili vinywele vishikamane, hukatwa siku isiyo na upepo, na hufukiwa badala ya kuchomwa, kwa sababu moto huweza kuvirusha vinywele hewani kabla haujaviteketeza.